Barua Iliyosema Hakuna Baya

Mzee Hezekiah Shitanda alikuwa na vyumba vinane mtaani Maraba, mjini Kakamega, vya matofali ya kuchoma na mabati, vinne vikitazamana na vinne, ua katikati na bomba moja la maji lililogombaniwa kila asubuhi. Alivijenga polepole katika miaka ishirini na sita aliyoitumikia posta kama tarishi, akipeleka simu za maandishi kwa baiskeli mpaka Shinyalu, mpaka Malava, mvua ikimnyea. Alipostaafu, mwaka wa kumi wa Uhuru ukikaribia, alirudisha kofia ya serikali lakini ile tabia ya posta hakuirudisha. Kila kitu kwake kilikuwa na mahali pake, kila mahali na anwani yake, na mtu asiyekuwa na anwani alimtia kichefuchefu cha moyo.

Watu walimcheka kwa hilo, na mimi nasema walikuwa na haki kidogo. Mzee aliyeandika namba kwenye ndoo za wapangaji ili zisichanganyike hawezi kukosa wa kumcheka. Lakini katika jambo hili la vipande, yaani vitambulisho vya serikali, na majina ya jamaa, hakuwa anacheza.

Lilianza na mpangaji wa chumba namba tano, mwashi mmoja mpole ambaye ua mzima ulimwita Fundi. Alikaa miaka miwili, hakumkosea mtu. Siku moja alianguka akiwa kazini, akapelekwa hospitali hajitambui, na Hezekiah alipokwenda kumwona akaulizwa maswali mawili tu: anaitwa nani, na kwao ni wapi. Hezekiah alijua jina moja tu, Fundi. Fundi alikufa siku ya tatu. Wakangoja, hakuja mtu, wakamzika upande wa wale wasio na wenyewe.

Miezi mitatu baadaye mama mmoja akaingia uani, vumbi mpaka magotini, kuku kwapani, akamtafuta mwanawe Chrispinus. Hezekiah akamwambia kwa heshima zote kwamba hapa hakuna Chrispinus. Mama akashukuru, akageuka kwenda zake. Alikuwa amekwisha kufika barabarani Hezekiah alipomkimbilia na kumwuliza huyo Chrispinus alikuwa akifanya kazi gani. Yaliyofuata hakuyasimulia hata kwa mkewe, Ayuma, ingawa Ayuma alikuwa amesimama mlangoni na aliona yote.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa aliwakalisha wapangaji wote uani, akatoa meza, chupa ya wino, na rundo la bahasha za kaki.

"Nataka vitu viwili kwa kila mmoja," alisema. "Cha kwanza, kipande chako. Sikichukui. Nakinakili hapa hapa mbele yako: jina, namba, wilaya, lokesheni. Unasoma nakala yangu, ukiona iko sawa unatia sahihi, unarudi na kipande chako mfukoni. Cha pili, mtu wa kuitwa."

"Kuitwa kwa nini?" akadakia Masinde, dereva wa lori la kinu cha kusaga mahindi, mtu wa sauti kubwa. "Mzee, sisi tumekufa?"

"Hujafa. Lakini ukianguka leo, nimwambie nani?"

"Hii maneno ya kuandika mtu na jina ya mama yake, watu wanafanyianga uchawi," alisema Masinde, na wengine wakacheka, lakini si wote.

Jepchirchir wa chumba namba mbili, muuguzi wa hospitalini, binti wa Kinandi aliyesema kila kitu taratibu, aliinua mkono kama yuko darasani. "Mzee, sisi wanawake serikali haitupi kipande. Mimi nitaleta nini?"

Hilo Hezekiah alikuwa amelifikiria. Akamwambia alete barua yake ya kazi na kadi ya ubatizo, vyote viwili, ili jina lionekane mahali pawili. Kisha akawaeleza juu ya Fundi. Hakueleza vizuri, maana alianza kwa kuku na kumaliza kwa kuku, lakini alipomaliza hata Masinde alikuwa anatazama chini.

"Na hizo karatasi zitakaa wapi?" Jepchirchir aliuliza. "Mimi nimeona mafaili. Mafaili yanasomwanga na kila mtu."

Hapo mzee akafurahi, kwa kuwa ndipo ufundi wake ulipokuwa. Kila karatasi, alisema, itaingia katika bahasha yake, ifungwe kwa gundi, na mpangaji mwenyewe atie sahihi juu ya mfuniko, nusu upande huu nusu upande ule, ili ikifunguliwa ijulikane. Nje hakuna jina, ni namba ya chumba tu. Bahasha zote zitakaa katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, lenye kufuli, na ufunguo ni mmoja, uko shingoni mwake. Polisi wakija, waje na amri iliyoandikwa, na mwenye bahasha aitwe kwanza kama yupo. Mpangaji akihama, bahasha yake anapewa mkononi aichome mwenyewe. "Na inafunguliwa siku ya shida tu," alimaliza. "Siku nyingine yoyote hata mimi siijui."

Wakakubali, mmoja mmoja. Kuhusu yule wa kuitwa, aliwauliza mambo ambayo hakuna mwenye nyumba mwingine mjini angeyauliza. Kwenu wanakuitaje, maana jina la kipande huenda hawalijui? Liguru, mkuu wa kijiji chenu, ni nani? Barua zinapitia sanduku la shule gani, au la kanisa gani? Ni nani pale anayejua kusoma? Masinde alijibu mpaka jasho likamtoka. Ilibainika kwamba nyumbani kwao Matete walimwita Kababa, jina la utotoni, na kwa wiki nzima ua haukumwita kitu kingine.

Wa mwisho alikuwa Sylvanus Wesonga wa chumba namba saba, kijana wa Matungu, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza la duka mjini. Alisema maneno machache mno. Mtu wa kuitwa, mama yake, Nabwire. Barua zinapita kanisani.

"Andika, Mzee," alisema, "lakini usiitumie. Nikifa tu."

Hezekiah akamtazama. Alijua kidogo, kwa kuwa kuta za vyumba vyake zilikuwa nyembamba. Baba yake Sylvanus alikuwa ametangazia soko zima la Matungu kwamba mwanawe yuko Bukura, kwenye shule ya kilimo, atatoka bwana shamba. Kijana alikaa Bukura mwaka mmoja, akaona moyo wake hauko kwenye mbolea, akaacha. Aliogopa kumwambia baba yake, akaogopa siku moja, akaogopa mwezi, na sasa ilikuwa miaka minne hajakanyaga nyumbani wala kuandika. Baba alikuja kusikia kwa watu kwamba mwanawe aliacha masomo, lakini alikokwenda hakuna aliyekujua.

Kama Hezekiah angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini tabia ya posta ikamwasha. Bahasha nane zilikuwa sandukuni, naye usingizi haukuja. Njia ambayo haijapitiwa, utajuaje kama inafika? Katika miaka ishirini na sita alikuwa amerudi na simu ngapi mfukoni, zimeandikwa "hajulikani"? Na ya Sylvanus ndiyo iliyomsumbua zaidi: mama, kanisa, basi. Kama kanisa limehamia sanduku jingine? Kama mama ameolewa kwingine, au amefariki? Alivumilia siku tisa. Ya kumi akatoa ufunguo shingoni, akakata bahasha namba saba kwa wembe, akanakili anwani.

Ayuma alimkuta na wembe mkononi. "Baba Joash, nani ana shida?"

"Hakuna. Najaribu njia."

"Ulisema siku ya shida tu."

"Kujaribu si kufungua," alisema Hezekiah, na mkewe akamtazama kwa yale macho ya mwanamke aliyeolewa miaka thelathini, akaenda kupika.

Kupeleka simu ya maandishi hakuthubutu. Alijua kuliko mtu yeyote Kakamega kwamba tarishi akionekana njiapanda na ile bahasha, watu huanza kulia kabla hajashuka baiskeli. Akaandika barua ya kawaida, kwa mwandiko mzuri, na akahakikisha kwamba haitamshtua mtu:

"Kwa Mama Nabwire. Salamu nyingi. Mimi ni mwenye nyumba anayokaa mwanao Sylvanus hapa Maraba, Kakamega. Nakujulisha kwamba hakuna jambo baya. Sylvanus hana neno. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nataka tu kujua kama barua yangu imekufikia. Tafadhali nijibu. Narudia, hakuna baya."

Aliisoma mara tatu, akaipenda. Hata kama njia imeziba, barua haitamuumiza mtu. Akaipeleka posta, akasalimiana na vijana wa dirishani, akarudi akipiga mluzi. Hakumwambia Sylvanus kitu.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, saa sita mchana, ua ulikuwa na raha zake zote. Jepchirchir alikuwa amefua, sare zake nyeupe zinakauka. Masinde ananyoa ndevu kwenye kioo kilichotundikwa ukutani. Sylvanus ameketi mlangoni na sahani ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga, anakula bila haraka. Hezekiah naye alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, anaona dunia iko sawa.

Wakasikia kilio. Kilianza mbali, upande wa barabara kuu, sauti za wanawake zikipanda na kushuka, kisha lori likapinda kona likiwa limefungwa matawi mabichi mbele na kando, kama yafungwavyo magari ya kuchukua maiti. Likasimama langoni. Wakashuka wanawake saba au wanane, mikono vichwani, na nyuma yao mzee mrefu mwembamba ambaye hakulia hata kidogo. Alikuwa amebeba mkeka na blanketi jipya chini ya mkono mmoja, na mkono wa pili suti nyeusi iliyokunjwa vizuri kwenye karatasi.

"Mayi wee!" alilia mama wa mbele. "Sylvanus wangu! Mmemlaza wapi?"

Sylvanus alikuwa na tonge mkononi. Akalishika vivyo hivyo, hewani, akasimama. "Mama?"

Sijui kama umewahi kuona kilio cha watu wanane kikikatika mara moja. Hata kuku walinyamaza. Nabwire akamtazama mwanawe, akalitazama tonge, akapiga hatua mbili, akamshika masikio yote mawili, kama anavyokaguliwa mtoto aliyetoka kucheza, akamzaba kofi, akamkumbatia, kisha akaanza kulia upya, na safari hii wanawake wote wakamfuata kwa vigelegele na machozi kwa pamoja.

Mzee wa suti hakusogea. Alisema kwa sauti ndogo, "Nani ameandika hii barua?"

Hezekiah akainuka kitini. "Ni mimi, ndugu yangu. Lakini niliandika wazi kabisa. Niliandika hakuna baya."

"Mara mbili," alisema yule mzee, ambaye ndiye Barnaba, baba yake Sylvanus. "Mwalimu wa kanisa alitusomea. Hakuna jambo baya. Sylvanus hana neno. Msiwe na wasiwasi. Sasa, baba, wewe ni mtu mzima. Watu wakikuletea maneno kama hayo, kwenu mnaelewanga nini?"

Na Hezekiah akaelewa palepale. Alikuwa amesimama kwenye malango mangapi, kofia mkononi, akisema maneno yale yale? Mtu haambiwi msiba wake njiani. Anaambiwa: hana neno, ni homa kidogo, njoo tu umwone. Kadiri mjumbe anavyotuliza, ndivyo mwenye nyumba anavyojua kwamba wamekwisha kuchimba kaburi. Yeye, tarishi wa miaka ishirini na sita, alikuwa amekaa mezani na kuandika tangazo la kifo lililo kamili kuliko yote aliyowahi kupeleka.

Ayuma, kwa busara yake, aliwaweka wanawake kivulini na kuamuru ingokho wawili, kuku wake mwenyewe, wakamatwe. Lakini Jepchirchir alikuwa amesimama mbele ya kiti cha kamba.

"Mzee. Anwani ya barua uliipataje?"

"Nilifungua bahasha."

"Kulikuwa na shida gani?"

"Hakukuwa na shida."

"Basi yangu nirudishie."

"Na yangu," alisema Masinde, sabuni bado iko shavuni.

Hezekiah hakujitetea. Aliingia ndani, akalivuta sanduku mpaka uani, akalifungua mbele ya kila mtu, wageni wakiwamo. "Nilitoa ahadi na nikaivunja mimi mwenyewe," alisema. "Sikuwa na haki. Anayetaka yake achukue, simfukuzi mtu kwa hilo." Akagawa bahasha kwa namba. Alimpa kila mtu yake mkononi, na kila moja iliyotoka ilimuuma, kwa maana alimwona yule mama wa kuku akigeuka tena kwenda zake, na safari ijayo huenda asiwahi kumkimbilia. Masinde akaitia yake mfukoni. Jepchirchir aliigeuza yake, akaikagua sahihi yake juu ya mfuniko, nusu na nusu. Haikuguswa. Lakini hakuirudisha.

Ikabaki namba saba, iliyokatwa kwa wembe, sandukuni peke yake.

Barnaba alikuwa amesogea. Alikuwa hajamsalimu mwanawe bado, na Sylvanus hajathubutu kumkaribia. Walikuwa wamesimama pande mbili za ua na suti ile kati yao kwenye mkono wa mzee. Barnaba aliinyoshea bahasha kidole.

"Hiyo ni yake?"

"Ni yake."

"Nionyeshe, unisomee. Nataka kuona alitutaja namna gani. Barua ilikuja kwa jina la mama yake. Nataka kujua kama mimi nimo."

Nabwire akasema, "Mpe aone, baba, huyu ni mzazi." Na kwa kweli nani angemnyima? Mtu amesafiri kutoka Matungu kuja kuchukua maiti ya mwanawe. Hezekiah mwenyewe alikuwa na deni la aibu kwake lisilolipika. Angempa, hakuna ambaye angemlaumu.

Akaichukua bahasha, akaibana kifuani.

"Nisamehe," alisema. "Nimekukosea, na chochote kingine ukitaka nitakupa. Hii si yangu. Hata wewe baba yake, muulize mwenyewe."

Barnaba alimkazia macho. Ilionekana kama atakasirika, kisha ikaonekana kwamba hasira hakuwa nayo tena, ameimaliza njiani juu ya lori. Akageuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwanawe baada ya miaka minne.

"Nimo?"

"Hapana, baba," alisema Sylvanus. "Niliogopa ungekataa kuja."

Mzee akaitazama suti mkononi mwake. "Hii niliinunua ile siku uliyoingia Bukura," alisema. "Uvae ukimaliza. Ikakaa. Jana nikaitoa nikasema basi, hata kuzikwa." Akaifunua ile karatasi. "Sikuja kumchukua bwana shamba mimi. Nilikuja kuchukua mtoto wangu."

Sylvanus akavuka ua. Aliipokea suti kwa mikono miwili, na kwa mazoea tu vidole vyake vikapita kwenye mshono wa bega, akauona umelegea, akasema mabega yamepinda, kwamba ataufumua na kuushona upya jioni hii hii. Baba yake akacheka huku machozi yanamtoka, na ndipo wakashikana.

Hezekiah alikuwa anajifanya anafunga sanduku. Jepchirchir akaja, akaiweka bahasha yake ndani. Masinde naye akaitoa yake mfukoni, imekunjamana na ina sabuni. "Lakini usijaribu njia ya Matete, Mzee," alisema. "Kwetu watakuja na lori mbili."

Sylvanus akaomba bahasha yake, na kalamu. Akaketi mezani na kuandika mwenyewe, juu ya jina la mama yake, akilitamka kila neno ili baba yake, asiyejua kusoma, asikie: Barnaba Wesonga, baba, Matungu, karibu na kanisa, aitwe wakati wowote. Hezekiah akatoa bahasha mpya, gundi, na kidau cha wino kwa ajili ya sahihi.

"Na mimi natia wapi kidole?" Barnaba aliuliza.

"Hakitakiwi," alisema Hezekiah. "Ni mpangaji peke yake."

Barnaba akakichovya kidole gumba kwenye wino hata hivyo, akakibandika kando ya jina lake, akakikandamiza kwa muda mrefu.